Alitamka ngazi ya 1, insha ikaonyesha ngazi ya 2: uchambuzi wa kisa kimoja cha darasa la Kiswahili

Tamko la matumizi ya akili mnemba, ambalo mwongozo wetu unamtaka kila mwanafunzi aliandike mwishoni mwa kazi yake, lilikuwa mstari mmoja chini ya insha: "Ngazi ya 1. Nimetumia ChatGPT kusahihisha tahajia." Aliyeliandika ni mwanachuo wa mwaka wa kwanza wa stashahada katika chuo kimoja cha ualimu hapa Tanzania. Kazi ilikuwa insha ya hoja ya maneno 800 kuhusu mikopo ya halmashauri kwa vijana. Mwalimu wake alipofika aya ya pili alisita. Lugha ilikuwa imenyooka kiofisi kuanzia mwanzo hadi mwisho, na haikufanana hata kidogo na maandishi ya binti huyo aliyoyazoea kwenye mazoezi ya darasani. Akaipeleka insha kwa mkuu wa idara pamoja na shtaka: mwanafunzi ametoa tamko la uongo.

Mimi nafundisha Kiswahili katika idara hiyohiyo na niko kwenye kamati ya tathmini, kwa hiyo niliombwa nikae na pande zote mbili na kutoa maoni kabla adhabu haijatajwa. Nilichokiona baada ya kupitia karatasi zote ni kwamba binti hakudanganya. Alijibu swali aliloulizwa na mwongozo wetu, na swali lenyewe ndilo lililokuwa na kasoro. Mwongozo ulimuuliza alikusudia nini alipofungua programu. Haukumuuliza maandishi yake yalibadilika kiasi gani.

Mwongozo ulivyokuwa

Ulikuwa ukurasa mmoja, umebandikwa kwenye ubao wa matangazo na kutumwa kwenye kundi la wasapu la darasa. Wazo lake lilitokana na mizani ya ngazi tano iliyochapishwa mwaka 2024 na Mike Perkins, Leon Furze, Jasper Roe na Jason MacVaugh, mizani ambayo ilijaribiwa kwanza katika chuo kikuu kimoja cha Vietnam na kuenea haraka katika nchi nyingi. Ya kwetu ilipangwa hivi: ngazi ya 0, kazi ya mkono darasani bila chombo chochote, ngazi ya 1, kusahihisha tahajia na uakifishaji, ngazi ya 2, kunyoosha lugha, ngazi ya 3, kutafuta mawazo na kupanga hoja, ngazi ya 4, rasimu nzima inayoandikwa na akili mnemba. Kila kazi ilitangazwa na ngazi yake ya juu kabisa inayoruhusiwa, na mwanafunzi alitakiwa kuandika mwishoni ametumia ngazi gani na programu gani. Basi.

Insha hii iliruhusiwa hadi ngazi ya 1, kwa kuwa kati ya alama 20, alama 8 zilikuwa za lugha: upatanisho wa kisarufi, muundo wa sentensi, uteuzi wa msamiati. Huwezi kumpa mtu alama za sentensi ambayo hakuijenga yeye. Hapo hakuna aliyebisha.

Aya moja, rasimu mbili

Bahati nzuri binti alikuwa na daftari. Alikuwa ameandika insha yote kwa kalamu kwanza, akaichapa kwenye simu, kisha akaibandika kwenye ChatGPT. Nilimwomba afungue mazungumzo yale mbele yetu, akafungua bila kusita. Maelekezo aliyoyaandika yalikuwa haya:

```
Sahihisha tahajia kwenye insha hii na uiboreshe
```

Neno la mwisho ndilo lililofungua mlango. Kwake yeye "kuboresha" ilikuwa namna ya adabu ya kumalizia ombi. Programu ililichukua kama ruhusa ya kuandika upya.

Aya ya pili kwenye daftari ilikuwa na sentensi saba. Mojawapo ilisema hivi, makosa yakiwa yalivyo: "Kikundi chetu kiliomba mkopo wa asilimia kumi wa halmashauri ili tufikie marengo yetu, hafisa akasema tulete vyeti zetu, tukarudi tukaambiwa wiki ijayo, na wiki ijayo haikufika."

Iliyoletwa kwa mwalimu ilisema: "Kikundi chetu kiliwasilisha maombi ya mkopo wenye riba ya asilimia kumi kutoka halmashauri kwa lengo la kutimiza malengo yake, hata hivyo, kulikuwa na ucheleweshaji mkubwa katika mchakato wa utekelezaji."

Ukiziweka sentensi hizo mbili pamoja unaona mambo matatu yaliyotokea kwa mpigo. La kwanza ndilo aliloliomba: "marengo" yamekuwa "malengo". La pili ni la lugha: sentensi nzima imevunjwa na kujengwa upya, afisa ametoweka, vyeti vimetoweka, na yale maneno "wiki ijayo haikufika", ambayo kwangu ndiyo sentensi bora kuliko zote katika insha ile, yamegeuzwa kuwa "ucheleweshaji mkubwa katika mchakato wa utekelezaji". Binti alikuwa na shahidi wake mwenyewe wa jambo analolilalamikia, na programu ikamfuta shahidi.

La tatu ndilo zito. Mikopo ya halmashauri inaitwa ya asilimia kumi kwa sababu sheria inazitaka halmashauri kutenga asilimia 10 ya mapato yao ya ndani: 4 kwa wanawake, 4 kwa vijana na 2 kwa watu wenye ulemavu. Haina riba. Kila kijana aliyewahi kuhangaikia fomu zile kwa ofisa maendeleo ya jamii anajua. Programu haikujua, ikaona "mkopo wa asilimia kumi" na kukisia kwamba hiyo ni riba. Kwa hiyo insha inayodai kwamba mikopo hii ni mizuri ila inachelewa ikawa sasa inasema mikopo yenyewe ina riba, jambo lisilo kweli. Mwalimu alikuwa amemkata alama mbili za hoja kwa kosa hilo, kosa ambalo kwenye daftari halipo.

Nilipomwonyesha, alisoma mara mbili. "Mwalimu, hapa mimi sikusema riba," alisema. "Niliangalia kama makosa yameisha, sikuangalia kama maneno ni yangu."

Katika sentensi zile saba, mbili zilirekebishwa herufi tu na tano zilijengwa upya. Hii si hesabu ngumu kuifanya. Kwenye Word unafungua `Review`, kisha `Compare`, unachagua faili la kabla na la baada, na mabadiliko yote yanajitokeza kwa rangi. Ngazi ya 1 ya kweli huonekana kama madoa madogo: herufi hapa, koma pale. Ngazi ya 2 huonekana kama mistari mizima iliyokatwa na mingine iliyowekwa mahali pake. Ukiisha kuona kurasa chache za aina hizi mbili, macho yanazitofautisha hata kabla hujasoma.

Kwa nini hakutosheka na kikagua tahajia

Mwenzangu mmoja aliuliza kwa nini hakutumia kikagua tahajia cha kawaida, kile kinachopiga mstari mwekundu chini ya neno. Ni swali zuri, na jibu lake linahusu Kiswahili chenyewe.

Kitenzi chetu hubeba sentensi nzima ndani yake. "Hatukujulishwa" ni neno moja lenye kikanushi, nafsi, wakati, mzizi, kauli ya kutendesha na ya kutendwa. Kikagua tahajia kinachotegemea orodha ya maneno hakiwezi kuwa na maumbo yote hayo, kwa hiyo hupiga mstari mwekundu chini ya maneno ambayo ni sahihi kabisa. Mwanafunzi akiona nusu ya ukurasa wake ni nyekundu, anajifunza kupuuza wekundu wote, pamoja na ule wa "zamana" na "garama" uliokuwa na haki ya kuwepo.

Upande wa pili, "vyeti zetu" hupita salama. "Vyeti" ni neno sahihi, "zetu" ni neno sahihi. Kosa liko kwenye upatanisho wa ngeli, na kikagua tahajia hakisomi maneno mawili kwa pamoja. Makosa ya binti huyu yalikuwa ya aina hizo mbili: r na l, dh na z, gh na g, halafu upatanisho. Chombo kidogo kilimshinda kote, akaenda kwenye chombo kikubwa akiwa na haja ndogo. Mwongozo ulioandikwa kwa kufuata mifano ya Kiingereza, ambako kikagua tahajia kinafanya kazi yake vizuri, haukumwona mwanafunzi wa namna hii.

Pendekezo la kupima kwa programu ya kugundua

Kabla hatujafika kwenye daftari, mtu mmoja kwenye kikao alitaka insha ipitishwe kwenye programu inayodai kugundua maandishi ya akili mnemba. Nilipinga, na ningepinga tena.

OpenAI, kampuni iliyotengeneza ChatGPT yenyewe, ilitoa programu yake ya kugundua mwanzoni mwa 2023 na kuiondoa Julai mwaka huohuo kwa sababu usahihi wake ulikuwa mdogo: kwa vipimo vyao wenyewe ilitambua asilimia 26 tu ya maandishi ya mashine, na ilizishuku kimakosa asilimia 9 ya kazi za binadamu. Mwaka huohuo watafiti wa Chuo Kikuu cha Stanford walizipitisha insha 91 za mtihani wa TOEFL, zilizoandikwa na watu ambao Kiingereza si lugha yao ya kwanza, kwenye programu saba za kugundua. Kwa wastani zaidi ya nusu ya insha hizo zilidaiwa kuwa za mashine. Sababu ni kwamba msamiati mwembamba na sentensi za kutabirika ndivyo vitu programu hizo huvitafuta, na ndivyo mtu anayejifunza lugha huandika.

Hayo ni kwa Kiingereza, lugha yenye maandishi mengi kuliko zote mtandaoni. Kuchukua chombo hicho na kukiamini juu ya insha ya Kiswahili ya mtoto wa watu, kisha kumwandikia barua ya onyo kwa sababu yake, ni jambo nisilolikubali. Daftari lilitupa zaidi ya tulichokihitaji: lilionyesha kilichobadilika, mahali kilipobadilika na maana iliyopotea.

Uamuzi

Kamati ilikubali kwamba hakuna udanganyifu. Aliitaja programu kwa jina, alitaja alichokikusudia, na alipoombwa alionyesha kila kitu. Ila kazi aliyoileta haikuwa ya ngazi ya 1, na alama 8 za lugha haziwezi kutolewa kwa sentensi zile. Kwa hiyo lugha ikasahihishwa kutoka kwenye daftari, na hoja pia, zikarudi zile alama mbili za riba.

Alipata 4 kati ya 8 za lugha. Kwa insha iliyonyooshwa mwalimu alikuwa amekadiria 7. Jumla yake ilishuka kwa alama moja tu, na safari hii alipata maoni yanayomhusu: mduara kwenye kila "vyeti zetu", na alama ya vema pembeni ya "wiki ijayo haikufika". Kwenye insha iliyonyooshwa mwalimu asingeweza kumfundisha upatanisho, kwa kuwa hakuna kosa ambalo lingeonekana.

Mwongozo ulioandikwa upya

Kanuni iliyobadilishwa ni moja: ngazi inaamuliwa na kilichobadilika kwenye maandishi, haiamuliwi na jina la programu wala nia ya mtumiaji. Kutokana na hiyo, kila ngazi ikapewa tamko lake, na kila tamko likawa na kitu cha kuonyesha.

Ngazi ya 1 sasa inamaanisha kwamba chombo kinaonyesha kosa na mwanafunzi analirekebisha kwa mkono wake. Maelekezo ya mfano yamewekwa ndani ya mwongozo ili asiyejua aanzie hapo:

```
Orodhesha maneno yenye makosa ya tahajia tu.
Usiandike upya sentensi yoyote.
```

Tamko lake ni mstari mmoja: jina la programu na maneno matatu hadi matano yaliyorekebishwa. "Nimetumia ChatGPT, ngazi ya 1: marengo/malengo, hafisa/afisa, garama/gharama." Mwanafunzi anayeweza kuyataja ameyaona.

Upatanisho ulitusumbua, na tuliugombania kikao kizima. Mwishowe tuliuweka ngazi ya 1 kwa masharti yaleyale, yaani chombo kitaje sentensi yenye kasoro bila kuiandika upya, isipokuwa pale zoezi lenyewe linapopima upatanisho. Binafsi bado naona ungefaa kuwa na nafasi yake peke yake, lakini ngazi sita zingekuwa nyingi kwa wanafunzi kuzikumbuka.

Ngazi ya 2, kunyoosha lugha, inaruhusiwa pale alama zinapotolewa kwa hoja, kwa mfano kwenye ripoti ya mazoezi ya kufundisha. Tamko lake ni rasimu ya kabla iambatishwe, pamoja na sentensi mbili ambazo mwanafunzi alizikataa zilipopendekezwa na sababu ya kuzikataa. Sharti la kukataa limetokana moja kwa moja na ile riba. Anayelazimika kutafuta cha kukataa analazimika kusoma kila sentensi kwa maana yake.

Ngazi ya 3 ni mawazo na mpango. Hapa tamko ni maelekezo aliyoyaandika, hoja alizopewa, zipi alizichukua na zipi alizibuni mwenyewe. Kuna jambo la kuzingatia kuhusu mpangilio wa namba. Katika mizani ya akina Perkins, mawazo yalikuwa chini na uhariri juu yake. Kwetu ni kinyume. Wao walipoitengeneza mizani yao upya, uhariri haukubaki na ngazi yake peke yake. Nadhani ni kwa sababu ngazi hizi hazipandi kwa utaratibu mmoja kwa kazi zote. Kwenye zoezi la lugha, kunyooshewa sentensi ni kupoteza zoezi lote, na kupewa wazo si hasara kubwa. Kwenye mjadala wa fasihi ni kinyume chake. Ndiyo maana mwongozo mpya hausemi tena "hadi ngazi ya 3". Kila kazi inaorodhesha ngazi zinazoruhusiwa, hata kama ni 1 na 3 bila 2.

Ngazi ya 4, rasimu nzima, tumeipa kazi yake. Mwanafunzi anaiagiza programu iandike insha, kisha anaihakiki: anapigia mstari kila dai la ukweli, anatafuta uthibitisho wake, anarekebisha, na kueleza kwa mdomo mbele ya mwalimu kwa dakika tano. Tamko ni mazungumzo yote yaliyochapwa. Alama zote ni za uhakiki, rasimu haina alama. Wasio na simu janja au bando wanafanya kazi hii kwenye chumba cha kompyuta kwa rasimu ambayo mwalimu ameichapa tayari, na hawapotezi chochote, kwa kuwa kuagiza rasimu hakuna alama.

Halafu tuliongeza sentensi moja kwa wino mzito: tamko halipunguzi alama. Kazi iliyovuka ngazi inasahihishwa kwa rasimu ya kabla. Isiyo na rasimu inarudiwa darasani. Adhabu ya udanganyifu inabaki kwa anayeficha. Kama mkweli na mficha wangepoteza alama sawasawa, matamko yangekoma ndani ya muhula mmoja.

Panapovuja

Rasimu ya kabla inaweza kughushiwa. Mwanafunzi mjanja anaweza kuiagiza programu imwandikie insha yenye makosa, akaiambatisha kama yake. Dawa tuliyoipata ni ya kizamani: dakika 40 za kwanza za kila insha zinaandikwa darasani kwa kalamu, mwalimu anatia saini chini ya mstari wa mwisho, kisha kazi inaendelea nyumbani. Saini ile haithibitishi insha yote, lakini inampa mwalimu ukurasa mmoja wa sauti halisi ya kulinganishia. Kwa darasa la wanafunzi 60 ni kazi inayowezekana. Wenzetu wenye madarasa ya 200 walisema wazi kwamba kwao haiwezekani, na sina jibu zuri la kuwapa.

Tatizo la pili lilijitokeza kwenye insha iliyofuata, na mwongozo haukuwa umelitaja. Kijana mmoja aliyesoma shule za mchepuo wa Kiingereza tangu awali aliandika insha yake yote kwa Kiingereza, mwenyewe, bila msaada, kisha akaipitisha kwenye Google Translate na kutamka "ngazi ya 2". Hoja zilikuwa zake, mpango wake, mifano yake. Hakuna sentensi hata moja ya Kiswahili iliyokuwa yake. Kwa kanuni mpya hukumu haikuchukua muda: kilichobadilika ni kila neno, na somo ni Kiswahili, kwa hiyo kwa alama za lugha hiyo ni ngazi ya 4. Alipewa alama za hoja, na zile 8 za lugha akaziandikia darasani, aya mbili kwa kalamu. Tafsiri ya mashine sasa ina mstari wake kwenye mwongozo, chini ya ngazi ya 4, pamoja na tamko lake: rasimu ya lugha ya kwanza iambatishwe, na mwanafunzi ataje sehemu tatu ambako tafsiri ilikosea.